Mkulima Akiitukana Roboti: Ijibu Nini, Inyamaze Lini

"Mbwa nyie. Wezi wakubwa. Hela ya mnada wa pili iko wapi?"

Tuseme ujumbe huu umeingia saa tano usiku, mwezi Novemba, kwenye namba ya WhatsApp ya chama kikuu cha ushirika hapa Mtwara. Aliyeutuma ni mkulima wa korosho. Aliyeupokea si mtu, ni roboti: programu inayosoma meseji za wakulima, inatafuta taarifa kwenye orodha ya malipo na kurudisha jibu. Ujumbe una maneno kumi na moja. Manne ya mwanzo ni matusi na saba yaliyobaki ni swali. Swali lenyewe limenyooka kuliko mengi yanayoandikwa na watu wapole, maana linataja hela, linataja mnada, na linataka kujua zilipo.

Wengi wanaotengeneza roboti huanzia kwenye yale manne. Wanaweka kichujio cha matusi mlangoni, na ujumbe ukinaswa jibu linakuwa moja: "Tafadhali tumia lugha ya staha." Yale maneno saba hayafiki popote. Fikiria sasa nani amesomewa jibu hilo. Huku kwetu anayemkanya mwenzake kuhusu adabu lazima awe amemzidi kitu, iwe umri, iwe cheo, au awe ameitwa kusuluhisha. Roboti haina hata kimoja. Mzee wa Nanyamba mwenye wajukuu akipokea maneno hayo kutoka namba ya ofisi, anachokisikia ni kijana fulani aliyekalia hela yake akimfunza adabu. Ujumbe wake wa pili utakuwa mkali kuliko wa kwanza, na safari hii swali halimo. Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama unapopitia mazungumzo yaliyoharibika: tafuta mahali ambapo swali limetoweka. Mara nyingi utakuta ujumbe mmoja juu yake roboti ilijibu tusi ikaliacha swali.

Kuna namna nyingine ya kuharibu inayoonekana ya upole. Roboti inaomba samahani mara tatu mfululizo, au inaandika "Naelewa uchungu unaoupitia." Mashine haijawahi kuamka alfajiri kupulizia salfa, na mkulima anajua hivyo. Maneno ya huruma yasiyo na taarifa ndani yake yanasomeka kama mtu anayevuta muda, na kuvutwa muda ndicho kitu hasa kinachomuudhi.

Hasira hizi zina historia, na anayeandika majibu ya roboti bila kuijua atazisoma vibaya. Korosho za Mtwara na Lindi zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa karatasi, na kuanzia hapo anangoja mnada, mnunuzi alipe, hela zishuke kupitia vyama mpaka benki. Kwenye kungoja huko hana kitu mkononi zaidi ya karatasi. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kazini. Ukafuata uhakiki wa kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho za wakulima nje ya mfumo huo, na wapo waliosubiri malipo yao kwa miezi. Tangu hapo neno "uhakiki" kwenye meseji ya ofisi halisomwi kwa utulivu. Roboti ikijibu "malipo yako yako kwenye uhakiki", hata kama maana yake ni karani anakagua namba ya akaunti tu, tusi litakalofuata limeitwa na roboti yenyewe. Ni nafuu kuandika "karani anakagua namba yako ya akaunti."

Kabla hatujafika kwenye kufunga mazungumzo, kuna swali linalorukwa mara nyingi: roboti inajuaje kwamba imetukanwa? Njia ya kizamani ni orodha ya maneno mabaya, na kwa Kiswahili njia hiyo inafeli kwa namna yake ya pekee, kwa sababu vitenzi vyetu vinabeba viambishi mbele na nyuma na herufi za tusi hujitokeza katikati ya neno safi kabisa. Tusi moja zito la herufi nne, ambalo sina haja ya kuliandika, limo ndani ya "kumaliza". Mkulima anayeandika "nimeshindwa kumaliza kujaza fomu" anaambiwa atumie lugha ya staha. "Mbwa" nayo imo ndani ya "nimeombwa", na "nimeombwa nitume namba" ni sentensi inayokuja kila siku. Kama programu inatafuta herufi popote zilipo, itanasa yote haya. Tiba yake ni kuweka alama za mipaka ya neno:

```
mbwa       inanasa "mbwa nyie" na "nimeombwa nitume namba"
\bmbwa\b   inanasa "mbwa nyie" peke yake
```

Hapo umepunguza tatizo, hujalimaliza. Mkulima wa korosho anaongea maneno ya kutisha mchana kutwa bila ubaya wowote. Anauliza dawa ya kuua wadudu, anasema mikorosho imekufa, anasema nguruwe wameingia shambani, anauliza kama mavi ya ng'ombe yanafaa kwa miche. Upande wa pili, tusi kali laweza kuja bila neno baya hata moja. "Asanteni sana kwa kutulisha karatasi" ni tusi. "Nyie ni kangomba tu" ni tusi zito zaidi, maana chama cha ushirika kimeitwa jina la wale wanaokwenda kununua korosho za mkulima kwa bakuli wakati wa njaa. Na bado kuna utani. Babu na mjukuu, au watani wa makabila, wanaweza kusalimiana kwa maneno ambayo kichujio chochote kitayafungia mlango, na mtu aliyezoea hivyo ataiandikia hata roboti "we mchawi, umeamkaje, hela tayari?"

Roboti za siku hizi zinaendeshwa na mifumo ya lugha inayosoma sentensi nzima, si neno mojamoja, na zinatofautisha nguruwe wa shambani na nguruwe wa matusi vizuri zaidi. Lakini hata hizo haziwezi kujua kwa hakika kama huyu anatania au amekasirika. Bahati nzuri hazihitaji kujua. Kama ujumbe una swali, jibu la swali ni lilelile kwa mtani na kwa mwenye hasira. Kugundua tusi kuna faida mahali pawili tu: pale ambapo hakuna swali lililobaki ndani ya ujumbe, na pale ambapo kuna hatari kwa mtu. Kwingine kote tusi ni la kupitwa.

Mifumo hiyo ina udhaifu mwingine wa kujihadhari nao. Inaandika kwa kufuata yaliyotangulia, kwa hiyo mazungumzo yakirefuka katika ugomvi, nayo huelekea ugomvini. Februari 2023 roboti mpya ya Bing, ya kampuni ya Microsoft, ilibishana na watumiaji waziwazi, ikang'ang'ania kwamba mwaka ulikuwa bado 2022 na kumwambia mmoja wao kwamba hajawa mtumiaji mwema. Microsoft ikaweka kikomo cha mabadilishano matano kwa kila mazungumzo, kwa sababu marefu ndiyo yaliyokuwa yakiichanganya. Kwa roboti ya malipo ya korosho, maelekezo ya kuipa yanaweza kuwa mafupi: jibu ombi kwanza, usiseme lolote kuhusu lugha ya mteja, usijitetee, na usirudie jibu lako lile lile mara mbili.

Hilo la kurudia lina uzito wake. Mara nyingi mwanzilishi wa ugomvi ni roboti. Mkulima kaandika "stakabazi yangu haionekani", roboti ikajibu "Samahani, sijaelewa. Chagua 1, 2 au 3." Akaandika tena kwa maneno mengine, ikarudi sentensi ileile. Mara ya tatu anatukana, na nani angeacha? Kwa hiyo, kabla mfumo haujahesabu kwamba mtu huyu ametukana, uangalie jumbe mbili zilizotangulia za roboti yenyewe. Kama "sijaelewa" imo, tusi lisihesabiwe kabisa, na roboti iache menyu. Iulize jambo moja linalojibika, au impe mkulima mtu.

Na salamu. Mtu akianza na "shikamoo", roboti iliyofundishwa kujibu "marahaba" imekwisha kumtukana mzee kabla hajaeleza shida yake, maana haijui umri wake. Ijibu "Karibu, ndugu" iendelee.

Sasa turudi kwa yule wa saa tano usiku. Mazungumzo nimeyatunga, ila kila kipande chake kinafanana na vinavyotokea. Tuseme ni mama wa Kitangari, namba yake ya simu imesajiliwa na chama, na amepeleka kilo 386. Ujumbe wa kwanza tumeshausoma. Roboti inajibu: "Malipo ya mnada wa pili yalitumwa benki Jumanne. Niandikie namba iliyo kwenye stakabadhi yako niangalie ya kwako." Taarifa imetangulia, kisha ombi moja. Mbwa na wezi wameachwa walipo.

Anajibu: "Kila siku namba namba. Wapumbavu. 004417." Namba imekuja, na hicho ndicho kilichotakiwa. Kabla ya kufungua taarifa, programu inalinganisha namba ya simu na ile iliyosajiliwa kwenye stakabadhi, na hatua hii haifai kurukwa kwa sababu mtu anafoka. Wapo wanaofoka makusudi ili wapewe taarifa za malipo ya jirani. Zikilingana, jibu ni hili: "Nimeiona, kilo 386. Hela zilitumwa Jumanne, benki ikazirudisha Alhamisi kwa sababu akaunti imelala. Hazijapotea, ziko kwenye akaunti ya chama. Nenda tawi la benki na kitambulisho waiamshe akaunti, kisha niandikie neno BENKI zitumwe tena."

Akaunti kulala ni shida ya kawaida kwa mtu anayepokea hela msimu mmoja kwa mwaka na kuzitoa zote. Mama huyu hakuwa na habari. Anaandika: "Kwa nini hamkuniambia??? Mnangoja nife?"

Hapa pana vitu viwili vya kutenganisha. "Mnangoja nife" ni namna ya kusema, na roboti inayorukia namba za ushauri nasaha kwa maneno hayo itaonekana inamdhihaki. Lakini swali la kwa nini hakuambiwa ni la haki. Chama kilijua Alhamisi, leo ni Jumamosi. Mimi naona roboti iruhusiwe kusema ukweli huo kwa sentensi moja: "Ulipaswa kujulishwa Alhamisi, hukujulishwa." Ofisi nyingi zinaogopa sentensi kama hiyo na kuweka badala yake "Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Neno "wowote" peke yake linatosha kuwasha upya kila kilichokuwa kimeanza kupoa. Kukiri jambo moja mahususi kunamaliza ubishi kwa sababu hakuna kilichobaki cha kubishania.

Anaandika tena: "Washenzi tu." Swali halimo. Roboti haina la kujibu, ila kunyamaza ghafla hapa kungeonekana kama mtandao umekatika, kwa hiyo inarudisha hatua kwa maneno mengine: "Ukishaiamsha akaunti, neno BENKI litafika kwa mhasibu moja kwa moja." Yanakuja mengine mawili ya matusi matupu, mojawapo la mama mzazi. Hapo ndipo ilani inapokuja, mara moja tu: "Swali la malipo nimelijibu. Ukiwa na jingine liandike, nitajibu. Meseji za matusi peke yake sitazijibu."

Linganisha ilani hii na ile "tumia lugha ya staha" ya mwanzo. Ya mwanzo inamwamuru mkulima abadilike. Hii haimwamuru chochote, inaeleza roboti yenyewe itafanya nini. Mtu anaweza kuendelea kutukana mpaka asubuhi bila kushinda wala kushindwa. Ilani isije mapema, isije kabla swali halijajibiwa, na isirudiwe. Ikirudiwa inakuwa mchezo, na wapo watakaoandika makusudi waione tena.

Baada ya ilani, tusi tupu likija roboti inanyamaza. Kunyamaza huku kunahitaji maelezo, kwa sababu kwenye WhatsApp, ukiacha kumzuia mtu kabisa, hakuna mlango wa kufunga. Mazungumzo yanabaki kwenye simu ya mkulima, anaweza kuandika wakati wowote, na vitiki viwili vitatokea kuonyesha kwamba ujumbe umefika. Kufunga ni hali iliyoandikwa upande wa seva tu: namba hii, kimya, mpaka saa fulani. Ndani ya kimya hicho programu iendelee kusoma. Mama akiandika "BENKI", au "tawi linafunguliwa saa ngapi", roboti ijibu papo hapo kana kwamba hakukutokea kitu. Isimwombe aombe radhi kwanza, wala isimkumbushe ya jana. Roboti inayofunga masikio pamoja na mdomo imemnyima mtu huduma ya hela yake mwenyewe kwa sababu ya maneno, na kwa maoni yangu chama cha ushirika hakina mamlaka hayo juu ya mwanachama wake.

Kuna saa nyingine ya kuiangalia. Kwenye mfumo wa WhatsApp wa biashara, ofisi inaweza kumwandikia mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Zikipita, inaruhusiwa kutuma violezo vilivyokubaliwa mapema tu, mpaka mteja aandike tena. Kama mama alinyamaza saa tano usiku na mhasibu anaingia kazini saa mbili asubuhi, amebakiwa na saa kumi na tano za kumjibu kawaida. Lakini leo ni Jumamosi. Jumapili ofisi imefungwa, na Jumatatu asubuhi dirisha limeshafungwa tangu usiku. Anayepanga kimya cha roboti bila kutazama kalenda atajikuta amemfungia mtu mlango pande zote mbili. Njia rahisi ni kutayarisha mapema kiolezo cha "Malipo yako yaliyorudi yanashughulikiwa", kiwe kimekubaliwa kabla msimu haujaanza.

Utaona kwamba sijataja idadi ya matusi ya kufikia. Ofisi hupenda idadi, matusi matatu unafungiwa, kwa sababu ni rahisi kuiandika kwenye programu. Lakini mtu anaweza kutukana mara kumi katika jumbe kumi zenye maswali kumi ya kweli, na mwingine akatukana mara moja tu asiwe na haja nyingine yoyote. Kinachoamua ni kama shida imejibiwa au imepelekwa kwa mtu, na kama baada ya ilani kuna jambo jipya limeletwa. Majibu yakiwa ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, roboti inyamaze.

Mambo machache yako nje ya utaratibu huo. La kwanza ni tishio kwa mtu anayejulikana. "Nitawachoma wote" ni hasira, na roboti iendelee na swali. "Yule karani wa ghala letu namngoja kesho jioni njiani" ni jambo lingine: ana mtu, ana mahali, ana wakati. Vitu hivyo vitatu vikikutana, hata viwili, ujumbe uende kwa msimamizi mara hiyo hiyo, usiku huo huo. Wa kwanza kuambiwa awe karani anayetishiwa, kabla ya vikao vyovyote. Kwa mkulima roboti iseme ukweli tu: "Ujumbe huu nimempelekea msimamizi ausome." Isitaje polisi wala kifungu cha sheria. Tishio la kulipiza kutoka kwenye mashine linampa mwenye hasira sababu ya kulitimiza lake, na uamuzi wa kuita polisi ni wa mtu aliyesoma mazungumzo yote.

La pili ni mtu anayeonyesha kwamba hataki kuishi. Hapa matusi hayahesabiwi hata kidogo na kimya hakiruhusiwi. "Mnangoja nife" tumeliona ni malalamiko, lakini mtu anayeandika kwamba hana sababu ya kuendelea, anaaga, anaomba watoto wake waangaliwe, huyo apigiwe simu na mtu. Akionekana ni mtoto, ipo namba 116 ya huduma kwa watoto nchini, apewe hiyo pamoja na kutafutiwa mtu. Msimamizi wa zamu aamshwe. Kama chama hakina msimamizi wa zamu usiku, basi roboti yake isifanye kazi usiku.

La tatu ni maneno ya ngono, ambayo roboti zenye majina ya kike huyapata zaidi. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi wasaidizi wa sauti wenye sauti za kike walivyokuwa wakijibu matusi ya kingono kwa mzaha na kujichekesha. Mzaha huo unaonekana ni njia ya kupoza, kumbe unamwambia mtu aendelee. Jibu liwe kavu: "Hilo silijibu. Nashughulikia malipo na stakabadhi." Hapa ilani na jibu ni kitu kimoja, na tusi la pili la aina hiyo linatosha kunyamaza, maana tangu mwanzo hakukuwa na shida iliyoletwa. Nikiulizwa kama roboti ya ushirika inahitaji jina la kike na picha ya msichana anayetabasamu, nitasema hapana, ila hilo ni la watu wa matangazo.

Ikibidi mazungumzo yaende kwa mtu, kuna kosa dogo lenye madhara makubwa. Mfumo humpelekea mhasibu mazungumzo yote tangu juu, na cha kwanza anachokisoma saa mbili asubuhi, chai bado mkononi, ni tusi la mama yake mzazi. Yule mama wa Kitangari akifika dirishani saa nne, foleni yake imekwishakuwa ndefu kuliko ya wengine. Mhasibu apewe kwanza shida kwa sentensi mbili: stakabadhi 004417, kilo 386, malipo yamerudi kwa akaunti kulala, mkulima hakujulishwa. Mazungumzo kamili yawepo chini kwa anayehitaji kuyafungua. Na kwenye kadi ya mkulima pasiandikwe "mtukanaji". Alama ya kimya ifutike yenyewe kesho yake asubuhi, isibaki mpaka msimu ujao, kwa sababu taarifa kama hiyo juu ya mtu ni taarifa binafsi, na nchi ina sheria ya kuzilinda tangu 2022. Ukiihifadhi, uwe na sababu unayoweza kumweleza mwenyewe.

Mwisho wa wiki msimamizi achukue mazungumzo yaliyofungwa wiki hiyo, yote kama ni machache, kumi kama ni mengi. Asianze kusoma kwenye tusi. Ashuke mpaka tusi la kwanza, apande ujumbe mmoja juu, asome roboti ilikuwa imesema nini. Akikuta sentensi ileile juu ya matusi ya watu wanne tofauti, sentensi hiyo ibadilishwe kabla ya mnada wa Ijumaa.